Chati ya M-PESA: nikitaka mama apate 10,000 mkononi, natuma ngapi?

#1 KijanaWaMwingi

Wadau, habari. Nina hesabu imeleta maneno nyumbani.

Mama alitaka 10,000 taslimu za fundi wa tangi la maji. Nikafungua chati ya M-PESA, safu ya kutoa kwa ajenti, mstari wa 7,501 hadi 10,000. Pameandikwa 115. Nikatuma 10,115, na mimi huku nikakatwa 100 ya kutuma. Mama kafika kwa ajenti, karudi na 9,950. Anasema kwenye simu hakuna cha maana kilichobaki.

Kakangu ananilaumu. Anasema nilichotuma kimeshavuka 10,000, kwa hiyo nilipaswa kushuka mstari unaofuata ambako kutoa ni 167, halafu nitume 10,167. Mimi nasema makato ya kutoa yanafuata kile unachotoa, hayafuati kilichoingia. Nani yuko sawa? Na hiyo hamsini imeenda wapi?

#2 Babu_Tarakimu

Kaka yako yuko sawa. Mtambo unaangalia salio. Ukiwa na 10,115 ndani uko kwenye kundi la 10,001 hadi 15,000, basi unakatwa 167. Shukuru kwamba mama alipata hata hiyo 9,950.

#3 SodaBaridi

Mama alikunywa soda njiani. Fungeni uzi.

#4 WakalaMstaafu

Nimekaa nyuma ya kile kidirisha miaka mingi, wacha niseme.

Babu, sivyo. Mteja akitoa pesa anaingiza namba ya ajenti kisha kiasi anachotaka. Makato yanatazama hicho kiasi peke yake. Ukiwa na 80,000 kwenye simu na ukatoa 2,000, unakatwa 29 kama mtu mwenye 2,029 tu. Hata hesabu yako yenyewe inajikana: mtambo ungekata 167, kwenye 10,115 ingebaki 9,948. Huyo mama angepataje 9,950?

Kijana wa Mwingi, 10,115 ilitosha kutoa 10,000 kwa mkupuo mmoja, ibaki sufuri. Ungetuma 10,167 kama anavyotaka kaka, hazingepotea, mama angebaki na 52 kwenye simu.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba unasoma chati mara mbili, na kila mara ni kwa kiasi tofauti. Kwanza safu ya kutoa, kwa kile mama anachotaka kushika mkononi: 10,000, yaani 115. Unajumlisha. Pili safu ya kutuma, kwa jumla uliyopata: 10,115. Hapo ndipo mstari ulibadilika, ukatoka kwenye 90 ukaingia kwenye 100. Kwa hiyo safari nzima ilihitaji 10,215 kwako. Kaka yako ameona kweli kwamba kuna mstari ulivukwa, ila ulivukwa kwenye safu ya kutuma, na wewe ulishaulipia.

Sasa swali langu: mama alitoa mara moja au mara mbili?

#5 KijanaWaMwingi

Asante mzee. Hilo la mara moja au mbili sijui, nitamuuliza.

#6 DadaWaLikoni

Mimi pia yamenikuta. Shangazi yangu yuko Airtel. Nilitaka kumtumia 3,000, nikatazama chati iliyobandikwa dukani hapa kwetu, nikaona safu ya mwisho bei imepanda vibaya sana. Nikamwambia shangazi asubiri nipate mtu wa Airtel amtumie. Kwa nini kutuma mtandao mwingine ni karibu mara mbili? Hii ni haki kweli?

#7 SodaBaridi

Dada, hapa tunatafuta hamsini ya mama wa watu, wewe unaleta shangazi.

#8 Msoma_Mabango

@DadaWaLikoni hiyo chati ni kuukuu. Safu ya mwisho uliyoiona bila shaka ni ile ya kutuma kwa mtu asiyesajiliwa M-PESA. Zamani mtu wa mtandao mwingine alikuwa anahesabiwa humo. Wewe ulikatwa nyingi, yeye alipata ujumbe wenye namba ya siri, akaenda nao kwa ajenti wa M-PESA akapewa pesa bila kukatwa. Bei ya kutoa ulikuwa umeshailipa wewe, ndiyo maana ilionekana mara mbili.

Mwaka 2018 mitandao ikaunganishwa, sasa pesa inatoka M-PESA inaingia moja kwa moja kwenye Airtel Money ya shangazi. Bei ya kutuma ni ileile ya kumtumia mtu wa M-PESA. Kwa 3,000 ni 53.

Chati ya zamani inajulikana bila hata kuangalia tarehe. Tazama chini kabisa kwenye safu ya kutuma: ukiona 105 kwa kiasi kikubwa, hiyo ni ya kabla ya Julai 2023. Mpya ni 108. Kwenye kutoa, ukiona 28 mahali ambapo leo ni 29, hiyo pia imepitwa. Maduka mengi hayabandui, jua linachoma karatasi rangi inaisha lakini namba zinasomeka, na watu wanazifuata.

#9 DadaWaLikoni

Kumbe! Basi nikimtumia 3,000 na ya kutoa naongeza 52 kama ilivyo kwenye chati?

#10 Msoma_Mabango

Hapana. Hiyo 52 ni ya ajenti wa M-PESA. Pesa ikishaingia Airtel iko chini ya chati ya Airtel. Kutuma unasoma chati ya kwako, kutoa unasoma chati ya mpokeaji. Ukichukua namba zote mbili kwenye karatasi moja utamzidishia au utampunja.

#11 Babu_Tarakimu

Narudi kwa hamsini. Nakubali ile ya salio, lakini nyote mmesahau ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru wa makato haya kutoka asilimia 12 hadi 15. Chukua 115, weka asilimia 15 juu, unapata 132 na senti. Toa kwenye 10,115, inabaki 9,982 na kitu. Ajenti hana sarafu, akampa 9,950. Hapo uzi umekwisha.

#12 FundiSimu_Eastleigh

Hii ya Babu inaingia akilini kwa kweli.

#13 WakalaMstaafu

Inaingia akilini lakini haiingii kwenye chati. Ushuru uko ndani ya zile namba tayari. Jipimie mwenyewe: 105 ya zamani ilikuwa na asilimia 12 ndani yake. Igawe kwa 1.12, unapata 93.75. Zidisha kwa 1.15, unapata 107.8. Chati mpya ikaandika 108. Ndiyo hiyo 28 pia ilivyogeuka kuwa 29. Kama ushuru ungekuwa unaongezwa nje, chati isingekuwa na haja ya kubadilika Julai ile.

Na kuna ushahidi ambao hauhitaji hesabu. Kwenye ujumbe wa M-PESA, karibu na mwisho, kuna maneno `Transaction cost`. Namba inayofuata hapo ndiyo yote uliyokatwa. Kijana, wewe uliandikiwa `Ksh100.00`, si kweli? Hukuandikiwa 115, yaani 100 na ushuru juu yake.

#14 KijanaWaMwingi

Kweli, 100 kamili.

Nimeongea na mama. Anasema ajenti wa pale sokoni alimwambia "subiri kidogo mama", akaenda duka la pili, akarudi. Mama alibonyeza simu kwa maelekezo yake. Hakumbuki kama ni mara moja au mara mbili. Ujumbe mpwa wangu alishaufuta akitafuta nafasi ya katuni.

#15 WakalaMstaafu

"Subiri kidogo mama." Hapo ajenti hakuwa na taslimu za kutosha. Maneno hayo nimeyasema mimi mwenyewe siku nyingi za soko.

Nadhani ilikuwa hivi. Ajenti alikuwa na elfu tano, akamtolea 5,000 kwanza. Chati: 3,501 hadi 5,000, kutoa ni 69. Akaenda kukopa kwa jirani, akarudi amtolee 5,000 ya pili. Mara mbili ya 69 ni 138, na 10,000 juu yake ni 10,138. Mama alikuwa na 10,115. Zimepungua 23, mtambo umekataa. Basi wakapunguza hadi 4,950, ambayo bado iko kwenye 69. Jumla mkononi 9,950, makato 138, kwenye simu ikabaki 27.

Angalieni salio. Likiwa 27, ndiyo hivyo.

#16 NyotaYaKibra

Au ajenti alitoa 10,000 mara moja kwa 115, akampa mama 9,950, hamsini akaweka mfukoni kwa sababu ya kutembea hadi duka la pili. Mimi nimewahi kuombwa "ya usumbufu" na ajenti mmoja wa kwetu. Ajenti hana ruhusa ya kumdai mteja chochote juu ya kinachokatwa kwenye simu. Kamisheni yake anaipata kando.

#17 KijanaWaMwingi

Salio ni 9. Lakini mama alinunua kredo ya 20 baada ya kutoka pale. Kwa hiyo kabla ya kredo lilikuwa 29.

#18 WakalaMstaafu

Basi alikuwa na 2 kabla hujamtumia. Ishirini na saba na mbili.

#19 NyotaYaKibra

Au alikuwa na 29 kabla, na ajenti amekula hamsini. Namba zote mbili zinakubali, mzee.

#20 SodaBaridi

Mwulizeni mama kama alikuwa na shilingi 2 au 29. Kila mtu hapa anajua salio lake la juma lililopita kwa moyo, sivyo?

#21 Chebet_wa_Maziwa

Hamjafikiria Fuliza. Mama yangu alikuwa na deni dogo la Fuliza bila kujua, alilipa kitu dukani salio likiwa halitoshi. Nilipomtumia pesa deni likakatwa kabla hajaiona, tukamshuku kijana wa dukani bure. Pesa yoyote ikiingia, Fuliza inachukua yake kwanza. Kama deni lilikuwa hata shilingi chache, 10,115 isingetosha tena kutoa 10,000, na mama angeshuka hadi kiasi cha mviringo kilicho karibu. 

#22 KijanaWaMwingi

Sijui kama mama amejiunga na Fuliza. Yeye pia hajui.

#23 Chebet_wa_Maziwa

Mama yangu naye alisema hivyohivyo. Lakini ujumbe wa deni kulipwa huja peke yake. Tafuta wa siku hiyo. Aa, mpwa amefuta.

#24 MpangaWaKahawaWest

Nimesoma uzi wote nikiwa na chati mkononi, nimeona kitu ambacho hamjakigusa. Sehemu ya chini imepangwa ajabu. Hii hapa:

```
Kiasi            Kutuma   Kutoa
50 - 100         0        11
101 - 500        7        29
501 - 1,000      13       29
1,001 - 1,500    23       29
1,501 - 2,500    33       29
2,501 - 3,500    53       52
3,501 - 5,000    57       69
```

Ukituma 2,600 unakatwa 53. Ukituma 2,500 kisha 100, unakatwa 33 peke yake, kwa sababu hadi mia moja ni bure. Bob 20 nzima kwa kubonyeza mara ya pili. Mimi kodi ya dada yangu huwa naikata hivyo.

Kutoa pia. Kutoa 5,000 ni 69, lakini kutoa 2,500 mara mbili ni 58.

#25 SodaBaridi

Kwa hiyo 10,000 nitume mia mia, bure kabisa, mara mia moja. Nitamaliza kabla ya Krismasi.

#26 Msoma_Mabango

@MpangaWaKahawaWest ni kweli lakini usiifanye kanuni. Inafaa hasa pale unapovuka mstari kwa kidogo. Kutuma 10,000 ni 90. Ukigawa 5,000 mara mbili ni 57 na 57, yaani 114, umejipiga mwenyewe. Kutoa 10,000 kwa vipande vinne vya 2,500 ni 116, umezidisha shilingi moja na foleni imekukasirikia. Kutoa 7,500 mara moja ni 87, na mara tatu za 2,500 ni 87 vilevile. Ila ukiwa na 10,500 ya kutoa, usiitoe pamoja: ni 167. Toa 10,000 kwa 115, kisha 500 kwa 29, jumla 144.

Na anayetoa 200 anakatwa 29 sawa na anayetoa 2,500. Hapo ndipo wadogo wanapoumia kuliko mahali pengine popote kwenye karatasi hii.

#27 NyotaYaKibra

Upande wa kutuma pia. Kuanzia 20,001 hadi 250,000 ni 108 tu. Anayetuma 1,600 analipa 33, anayetuma robo milioni analipa 108. Mimi nimo kwenye 1,600.

#28 FundiSimu_Eastleigh

Lakini si marufuku kugawa? Nilisikia ajenti hufungiwa kwa kufanya hivyo.

#29 WakalaMstaafu

Kinachomtia ajenti matatani ni kugawa pesa mteja anayoweka. Kuweka ni bure kwa mteja, lakini ajenti analipwa kamisheni, basi mwingine hukata elfu kumi vipande vipande ili ajiongezee. Hiyo wanaifuatilia na kumnyang'anya kamisheni. Mteja kuamua kutoa mara mbili ni shauri lake. Ila ajenti akikugawia bila kukuambia, kama ninavyodhani ilivyotokea kwa mama, anayelipa ni wewe. Haki yake ilikuwa kusema: "Nina tano tu, utakatwa mara mbili, au nenda kwa fulani."

#30 BintiTanga

Majirani, hodi. Huku Tanzania tunasema "tuma na ya kutolea", na ugomvi ni huuhuu. Ila chati zetu msizisome kama zenu. Kwetu kutuma mtandao mwingine kuna safu yake, na anayesoma safu ya mtandao wake mwenyewe ndiye anayeshtuka. Halafu kuna tozo ya serikali. Ilianza tarehe 15 Julai 2021 kwenye kutuma na kutoa, ikapunguzwa mara kadhaa baada ya kelele, na kuanzia Julai 2023 ile ya kutuma ikaondolewa, ya kutoa ikabaki. Kwa hiyo Babu wa huko juu angekuja kwetu angekuwa karibu na ukweli kidogo: kwenye kutoa kuna ada ya mtandao na kuna tozo. Angalia kama karatasi unayosoma imezijumlisha au imeziweka mbalimbali.

#31 Babu_Tarakimu

Asante binti. Nahamia Tanga.

#32 SodaBaridi

Babu nenda, lakini 10,000 yako ukifika huko usiite mafundi wa tangi. Haitoshi hata ndoo.

#33 DadaWaLikoni

Mimi nauliza tena la shangazi. Si afadhali atoe kwa mashine ya ATM? Hapo hakuna mtu wa kumwambia asubiri.

#34 Msoma_Mabango

Ya Airtel isome kwenye chati yao. Kwa M-PESA, ATM haijawahi kuwa rahisi kuliko ajenti kwenye mstari wowote. Mpaka 2,500 ni 35 badala ya 29. Kuanzia 10,001 hadi 35,000 ni 203, wakati ajenti anaanzia 167. Utulivu wa kutotazamwa unalipiwa.

#35 MamaWawili_Thika

Nimefika mwisho wa uzi sijaona mtu aliyeuliza swali la wazi. Fundi wa tangi hana simu? Kijana angemtumia fundi 10,000 moja kwa moja, akatwe 90, mama asitoke nyumbani, ajenti asikope kwa jirani.

#36 KijanaWaMwingi

Anayo. Ndiye aliyesema anataka taslimu, kwa sababu akitumiwa anadai aongezewe 115 ya kutoa.

#37 MamaWawili_Thika

Hata akiongezewa ni 10,215, ni ileile uliyolipa. Kwa nini umbebeshe mama?

#38 Chebet_wa_Maziwa

Fundi wetu ametupa namba ya Pochi la Biashara, anasema kwa Pochi mteja hakatwi. Ni kweli?

#39 Msoma_Mabango

Anachanganya na tili. Kulipa kwa tili ya Lipa na M-PESA mteja hakatwi. Pochi iko kwenye safu ya kutuma pamoja na watu wa kawaida, kwa 10,000 unakatwa 90.

#40 FundiSimu_Eastleigh

Mimi nina Pochi na wateja wangu huniambia hawakatwi.

#41 Msoma_Mabango

Wateja wako wanalipa ngapi ngapi?

#42 FundiSimu_Eastleigh

Chaji na kava, mia mia hivi. Wa skrini huwa wananipa taslimu.